Bili ya Yuniti 46: Jibu la Mwanagenzi Linavyokaguliwa Kabla ya Kumfikia Mteja

Siku chache baada ya bili za maji kutumwa, dawati la huduma kwa wateja huanza kupokea malalamishi. Mengi huletwa kwa simu au kwa mdomo na humalizwa papo hapo. Yale yanayoletwa kwa maandishi hujibiwa kwa maandishi, na katika ofisi nyingi barua hiyo ya jibu huandikwa kwanza na mwanagenzi, kisha hupelekwa kwa msimamizi ili aipitishe. Mteja huona karatasi ya mwisho tu, iliyopigwa muhuri. Haoni kilichotokea kati ya meza hizo mbili, na mara nyingi hapo ndipo inapoamuliwa kama pesa zake zitarudi au la.

Mfano ufuatao unahusu kosa ambalo hujificha vizuri sana kwenye bili za maji. Bei zilizotumika ni za mfano, kwa sababu kila kampuni ya maji ina orodha yake ya bei iliyoidhinishwa na Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji.

Mama mmoja mwenye nyumba na vyumba viwili vya kupangisha alipokea bili ya Mei ya yuniti 46, shilingi 4,740. Miezi iliyotangulia alikuwa akilipa shilingi 360. Pamoja na bili ilikuja ilani kwamba asipolipa ndani ya siku 7 maji yatakatwa. Akaandika barua ya kurasa mbili. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20, kwa hivyo alifanya hesabu yake mwenyewe: yuniti 46 ni mitungi 2,300 kwa mwezi, zaidi ya 70 kwa siku. Aliuliza ni nani aliyeyatumia maji hayo. Akaongeza kwamba ni muda mrefu hajamwona msomaji mita katika boma lake. Mwishoni akauliza kama ni lazima alipe kwanza ndipo asikilizwe.

Rasimu ya kwanza

Mwanagenzi aliisoma barua, akafungua akaunti ya mteja kwenye kompyuta na kuangalia mistari miwili ya mwisho. Usomaji wa Aprili ulikuwa 430 na wa Mei 476. Akatoa, akapata 46. Hesabu ilikuwa sawasawa. Akaandika kwamba kampuni inasikitikia usumbufu uliotokea, kwamba mita imekaguliwa na bili imeonekana kuwa sahihi, kwamba huenda kuna bomba linalovuja ndani ya boma, na kwamba mteja anashauriwa kulipa kabla ya muda wa ilani kuisha.

Barua hiyo ilikuwa na adabu na haikuwa na kosa hata moja la tahajia. Msimamizi mwenye haraka angetia sahihi. Msimamizi huyu aliiweka kando, akachukua barua ya mama na kupiga mstari chini ya kila swali. Yalikuwa matatu, na rasimu ilikuwa imejibu moja.

"Nani alikagua mita?" akauliza.

"Kompyuta inaonyesha 476, madamu."

"Kompyuta haikwenda kwa mama huyu. Nani alikwenda?"

Hakuna aliyekuwa amekwenda. Maneno "mita imekaguliwa" yalitoka katika barua ya zamani ambayo mwanagenzi aliitumia kama kielelezo. Hili ndilo kosa la kwanza ambalo msimamizi hulitafuta, kwa sababu barua ikishapigwa muhuri, kila tendo linalotajwa ndani yake huwa kauli rasmi ya kampuni. Mteja akipeleka lalamishi mbele, ataulizwa mkaguzi ni nani na alikuja lini, na faili halitakuwa na jibu.

Herufi iliyo kando ya namba

Msimamizi akamwomba arudi kwenye akaunti na asome miezi mitano badala ya miwili. Januari usomaji ulikuwa 412. Februari 418, Machi 424, Aprili 430, kisha Mei 476. Namba zilizopanda kwa 6 kila mwezi, bila kupungua wala kuzidi, zilitosha kumtia mtu shaka, kwa kuwa hakuna nyumba inayotumia maji kwa usawa wa namna hiyo. Na kando ya usomaji wa Februari, Machi na Aprili palikuwa na herufi ndogo inayoonyesha makadirio. Mita haikuwa imesomwa kwa miezi mitatu. Mfumo wa bili ulichukua wastani wa matumizi ya zamani, wakati mama akiishi na mjukuu wake peke yao, ukaendelea kutoza yuniti 6. Lakini tangu Februari vyumba vyake viwili vilikuwa na wapangaji.

Kwa hiyo yuniti 46 hazikutumika Mei peke yake. Toka usomaji halisi wa Januari hadi usomaji halisi wa Mei ni yuniti 64 kwa miezi minne, sawa na 16 kwa mwezi. Hiyo ni mitungi 800, kama 26 kwa siku kwa nyumba tatu, na inaaminika.

Wengi wakifika hapa hudhani kazi imekwisha. Husema maji yalitumika, mteja alilipa kidogo mwanzoni na sasa analipa zilizobaki. Ingekuwa hivyo kama kila yuniti ingeuzwa kwa bei moja. Maji ya nyumbani huuzwa kwa ngazi: yuniti za kwanza ni nafuu ili kila familia imudu mahitaji ya lazima, na kadiri matumizi ya mwezi yanavyozidi ndivyo bei ya yuniti zinazofuata inavyopanda. Tuseme yuniti 6 za kwanza ni shilingi 60 kila moja, zile za 7 hadi 20 ni shilingi 90, na zinazozidi 20 ni shilingi 120.

Yuniti 46 zikirundikwa katika mwezi mmoja, 6 zitatozwa shilingi 360, 14 zinazofuata shilingi 1,260, na 26 zilizobaki zitaangukia ngazi ya juu kwa shilingi 3,120. Jumla ni 4,740, kama bili ilivyosema. Lakini mama huyu hakuwahi kufika ngazi ya juu mwezi wowote. Kwa yuniti 16 kila mwezi, angelipa shilingi 360 kwa 6 za kwanza na shilingi 900 kwa 10 zinazofuata, yaani 1,260 kwa mwezi na 5,040 kwa miezi minne. Ondoa shilingi 1,080 alizokwisha kulipa Februari hadi Aprili, zinabaki 3,960.

Tofauti ni shilingi 780. Ni zile yuniti 26, kila moja ikiwa imetozwa shilingi 30 zaidi ya bei yake. Mita ilisomwa vizuri mwezi wa Mei na hesabu ya kompyuta ilikuwa sahihi, lakini mteja alitozwa zaidi. Ndiyo maana sentensi "bili imeonekana kuwa sahihi" ni ya hatari: aliyeiandika hakudanganya, ila alithibitisha kitu ambacho hakikuwa ndicho kilichoulizwa.

Mteja yeyote anaweza kulitambua kosa hili nyumbani. Bili ikipanda ghafla, aangalie bili za miezi iliyotangulia. Zikiwa na alama ya makadirio, au yuniti zinazofanana mwezi baada ya mwezi, basi mruko huo huenda ni wa miezi kadhaa iliyorundikwa pamoja.

Ziara ya mita

Hata hivyo msimamizi hakukubali 476 kwa sababu tu ilikuwa kwenye kompyuta. Alimtuma fundi pamoja na mwanagenzi kwenda kuiona mita. Kuna mambo mawili ambayo mtu hawezi kuyajua akiwa ofisini. La kwanza ni kama msomaji alizisoma namba zinazotakiwa: kwenye mita nyingi za nyumbani namba nyeusi ni yuniti kamili, na nyekundu ni sehemu za yuniti. Akichanganya rangi hizo, bili huruka mara kumi au zaidi. La pili ni uvujaji. Mifereji yote ilifungwa, tangi likahakikishwa kuwa limejaa, kisha wakatazama kile kigurudumu kidogo kilicho katikati ya uso wa mita. Kama kingezunguka, maji yangekuwa yanapita mahali fulani. Walisubiri robo saa na hakikusonga.

Mita ilikuwa 482 siku hiyo, katikati ya Juni. Yuniti 6 kwa takriban nusu mwezi zilikubaliana kwa kiasi na matumizi ya 16 kwa mwezi. Fundi akapiga picha, mama akatia sahihi kwenye fomu ya ziara. Sasa maneno "mita imekaguliwa" yangeweza kuandikwa, pamoja na tarehe.

Jambo jingine lililotokea huko lilibadilisha barua. Mwanagenzi alikuwa amepanga kuandika kwamba mita haikusomwa kwa sababu lango lilikuwa limefungwa. Mama alisema yuko nyumbani kila alasiri. Waliporudi ofisini waliangalia kumbukumbu za msomaji mita: Februari na Machi aliandika "lango limefungwa", zote mbili zikiwa saa mbili na nusu asubuhi, wakati mama yuko sokoni. Aprili hakuandika sababu yoyote. Msimamizi akaagiza barua iseme hivyo hivyo. Jina la msomaji mita halikutajwa. Makosa ya mfanyakazi hushughulikiwa ndani ya ofisi, na mteja hudai jibu kutoka kwa kampuni.

Barua haizuii kukatwa kwa maji

Wakati haya yakiendelea, siku za ilani zilikuwa zikihesabika. Mwanagenzi wengi hulijifunza hili kwa uchungu. Mafundi wanaokata maji hawasomi barua za malalamishi. Wao hupewa orodha inayotolewa na mfumo wa bili, na akaunti yoyote iliyopitisha muda huwemo. Kuandika "tunashughulikia lalamishi lako" hakuiondoi akaunti kwenye orodha hiyo. Inaondolewa na ofisa wa bili anapoiwekea akaunti alama ya kwamba ina mzozo. Kwa hiyo msimamizi alipoipokea tu barua ya mama, kabla hata ya kuisoma rasimu, alimpigia ofisa wa bili simu, kisha akaandika maagizo hayo katika faili.

Vivyo hivyo na pesa. Katika rasimu yake ya pili mwanagenzi aliandika kwamba bili "itapunguzwa" kwa shilingi 780. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini si yeye wala msimamizi wake aliyekuwa na mamlaka ya kuibadilisha bili. Marekebisho huombwa kwa fomu, huidhinishwa na meneja anayehusika, kisha huingizwa kwenye akaunti. Barua ikitoka kabla ya hapo, mama atakwenda kulipa 3,960, mfumo utaonyesha bado anadaiwa 780, na mwezi unaofuata ilani mpya itamfikia. Rasimu ikakaa mezani siku mbili zaidi hadi marekebisho yalipoonekana kwenye akaunti. Neno "itapunguzwa" likawa "imepunguzwa".

Barua iliyotumwa

Mama alikuwa ameandika kwa Kiswahili, naye akajibiwa kwa Kiswahili. Jina, anwani na namba ya akaunti zimeondolewa hapa.

KUH: LALAMISHI LAKO KUHUSU BILI YA MAJI YA MWEZI WA MEI

Tumepokea barua yako ya tarehe 10 Juni. Ni kweli kwamba mita yako haikusomwa mwezi wa Februari, Machi na Aprili. Mara mbili msomaji alifika asubuhi akakuta lango limefungwa. Kwa mwezi wa Aprili hatuna sababu iliyoandikwa. Miezi hiyo mitatu tulikutoza kwa makadirio ya yuniti 6 kila mwezi.

Mwezi wa Mei mita ilisomwa 476. Usomaji halisi wa mwisho kabla ya hapo ulikuwa 412, mwezi wa Januari. Kwa hivyo ulitumia yuniti 64 kwa miezi minne, yaani yuniti 16 kwa mwezi. Bili ya Mei ilizirundika yuniti 46 katika mwezi mmoja, na 26 kati ya hizo zikatozwa bei ya juu ambayo hukustahili kutozwa. Hilo ni kosa letu na tunakuomba radhi.

Tumezigawanya yuniti hizo katika miezi minne. Bili yako imepunguzwa kwa shilingi 780, kutoka shilingi 4,740 hadi shilingi 3,960. Hesabu yote imeambatishwa. Unaweza kulipa kiasi hicho kwa awamu tatu za shilingi 1,320, pamoja na bili yako ya kila mwezi.

Ilani ya kukatiwa maji imeondolewa. Hukuhitajika kulipa kwanza ili lalamishi lako lisikilizwe.

Fundi wetu alikagua mita yako tarehe 16 Juni ukiwepo. Mita ilikuwa 482 na hakuna uvujaji ulioonekana. Kuanzia mwezi huu mita yako itasomwa alasiri.

Ikiwa hukuridhika na jibu hili, unaweza kumwandikia meneja mkurugenzi wa kampuni. Unaweza pia kupeleka lalamishi lako kwa Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, au kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Barua hiyo ilitiwa sahihi na msimamizi. Mwanagenzi hatii sahihi, hata "kwa niaba ya", kwa kuwa hana mamlaka ya kuifunga kampuni kwa neno lake. Lakini rasimu zake zote mbili zilibaki kwenye faili zikiwa na masahihisho ya msimamizi pembeni, pamoja na fomu ya ziara na picha ya mita. Faili likidaiwa na Bodi au na Tume, karatasi hizo zitaonyesha uamuzi ulifikiwaje.

Aya ya mwisho ya barua ndiyo ambayo wanagenzi wengi huiacha, wakiona kama kumchochea mteja. Msimamizi huirudisha kila mara. Huduma za maji ni jukumu la kaunti chini ya Katiba ya 2010, na Kifungu cha 47 cha Katiba hiyo kinampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa, au huenda ikaathiriwa, na hatua ya kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka wa 2015 inayotekeleza kifungu hicho ndiyo inayomwezesha kutaka uamuzi upitiwe upya. Mtu hawezi kukata rufaa kwenye mlango asioujua.

Je, kama mama angetaka kuona kumbukumbu zenyewe za usomaji badala ya kuelezwa? Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 angeweza kuziomba kwa maandishi, na ofisi ingetakiwa kuamua ombi lake mapema iwezekanavyo, isipite siku 21. Hapa haikuhitajika, kwa kuwa hesabu iliambatishwa: karatasi moja yenye miezi mitano, usomaji wa kila mwezi, alama ya makadirio pale ilipo, na shilingi kwa kila ngazi.

Kilichobaki ni bili ya Juni. Inapaswa kuanzia 476 na kuishia kwenye namba iliyosomwa kweli, isiyo na alama ya makadirio kando yake. Mwanagenzi ameiandika tarehe ya kuangalia akaunti hiyo katika rejesta ya malalamishi, na lalamishi halitafungwa kabla ya tarehe hiyo. Mama naye ameelezwa kwamba siku ambayo msomaji hatafika, apige picha ya namba nyeusi za mita na kuipeleka ofisini kabla bili hazijatolewa, ili akaunti yake isirudi tena kwenye makadirio.